Hisa ya Elfu Tano Inapokuwa Elfu Sita

Katika kikundi cha kuweka na kukopa ambamo mama yangu ni mwanachama, huko kwetu Kasese magharibi mwa Uganda, kuna swali ambalo huulizwa mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa Desemba, siku sanduku linapofunguliwa kwa ajili ya mgao: ziada ni kiasi gani, na ni ya nani? Kwa miezi kumi na moja watu huweka, hukopa na kulipa bila kugombana. Siku ya mgao ndipo kila mmoja anakuwa mhasibu. Mimi husoma Kiswahili pamoja na biashara, kwa hiyo likizo iliyopita wazee wa kikundi walinipa kazi ya kukaa karibu na karani na kukagua hesabu kabla pesa hazijagusa mkono wa mtu. Ninayoandika hapa nimeyatoa kwenye meza ile. Namba nimezilainisha kidogo ili msomaji azifuate bila kikokotoo, na watu nimewaacha bila majina.

Utaratibu wenyewe si wa kwetu peke yetu. Shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991, kisha ukaenea Afrika nzima, na wenzetu wa Rwanda watautambua mara moja katika ibimina vyao. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo huwekwa na watu watatu tofauti. Kila mwanachama ana kitabu kidogo. Kila wiki hununua hisa kuanzia moja hadi tano, na kwa kila hisa karani hupiga mhuri mmoja kitabuni. Kwetu hisa ni shilingi 5,000 za Uganda. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, kwa miezi mitatu, na hulipa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Pembeni kuna mfuko wa jamii, shilingi 500 kila wiki kwa kila mtu, wa misiba na wagonjwa.

Mwaka ule tulikuwa wanachama 25 na mikutano 48. Jambo la kwanza nililomwomba karani lilikuwa kuhesabu mihuri yote katika vitabu 25 na kulinganisha na daftari lake kubwa. Kazi hiyo inachosha, lakini hakuna nyingine inayoonyesha haraka hivyo kama kuna mhuri uliopigwa bila pesa kuingia. Vitabu vilitoa mihuri 3,000, na daftari likasema 3,000. Basi akiba ya wanachama ilikuwa shilingi 15,000,000. Riba ya mikopo, kwa mujibu wa daftari, ilikuwa 2,880,000. Faini za wachelewaji, baada ya kutoa bei ya madaftari, zilikuwa 120,000. Jumla 18,000,000. Ukigawa kwa hisa 3,000 unapata 6,000, yaani kila hisa ya elfu tano imeota elfu moja. Habari hiyo ilizunguka chini ya mwembe kabla hatujamaliza kuandika.

Mfuko wa jamii haumo katika hesabu hiyo, na hapa ndipo vikundi vingi hujikwaa bila kujua. Pesa zake hukaa katika sanduku lilelile, kwa hiyo ukimwaga noti zote mezani na kugawa, utakuwa umegawa pia sanda na jeneza la mtu wa mwakani. Sisi tulikuwa tumekusanya 600,000 za mfuko, tukatumia 410,000, zikabaki 190,000. Hizo zilihesabiwa kwanza, zikafungwa katika kitambaa chake, zikawekwa kando. Ndipo tukahesabu zilizobaki.

Zilizobaki zilikuwa 17,540,000. Daftari lilisema 18,000,000.

Pengo la 460,000 halikuwa wizi. Lilikuwa deni la mwanachama mmoja, mzee anayefanya biashara ya chumvi. Alikopa 400,000 ili akanunue chumvi katika ziwa Katwe. Pale watu hukinga maji ya ziwa katika mabwawa madogo na kuliachia jua kazi ya kuyakausha, na mvua ikinyesha nje ya ratiba maji hupungua ukali na chumvi hukawia. Mvua ilinyesha. Miezi mitatu ikapita, riba ya 20,000 kwa mwezi ikafika 60,000, na siku ya mgao mzee alikuja mikono mitupu, amevaa koti lake la kanisani.

Karani alikuwa ameandika ile 60,000 kama riba iliyopatikana, kwa sababu mkataba ulisema italipwa. Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho mhadhara wa uhasibu ulinieleza mara nyingi bila kuniingia. Kampuni kubwa inaweza kuandika pato ambalo bado halijalipwa, kwa sababu kesho ipo na vitabu vyake havifungwi. Kikundi chetu hufa kila Desemba na kuzaliwa tena Januari. Hakina kesho. Riba isiyokuwamo sandukuni siku ile haiwezi kugawanywa, hata kama mdaiwa ni mwaminifu kiasi gani. Ukitangaza 6,000 na kuanza kulipa, wanachama wa kwanza kwenye foleni watapata haki yao kamili, na wa mwisho watakuta sanduku tupu.

Mzee wa chumvi alikuwa na hisa 60. Kwa bei ya 6,000 zilikuwa na thamani ya 360,000, na deni lake ni 460,000. Kanuni ya kikundi inasema hisa za mdaiwa hufidia deni kwanza. Kwa hiyo yeye hapokei kitu, hisa zake 60 zinatoka kwenye mgao, na zile 17,540,000 zinagawanywa kwa hisa 2,940 za wengine. Jibu ni pungufu kidogo ya 5,966. Tukalipa 5,965 kwa kila hisa, jumla 17,537,100, zikabaki 2,900 ambazo hazikutosha kugawanywa, zikaingia mfuko wa jamii. Kila hisa ilipoteza shilingi 35. Mzee bado anadaiwa kama laki moja, na deni hilo liliandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari la mwaka mpya, kwamba atakapolipa litagawanywa kwa wanachama wa mwaka wa zamani kwa hisa zao, si kwa watakaojiunga Januari. Wengi husahau sentensi hiyo ya mwisho. Pesa ikija mwezi wa Machi inaingia sandukuni kimya kimya, na mtu aliyejiunga juzi anakula faida ya mwaka ambao hakuwepo.

Palikuwa na mama mmoja aliyesimama kuuliza kwa nini ziada isigawanywe sawa kwa vichwa, maana sote tumekaa katika mikutano ileile. Swali lake lina uzito wa kibinadamu, lakini hesabu yake ni mbaya. Ziada ya milioni tatu kwa watu 25 ni 120,000 kwa kila mtu. Aliyeweka hisa moja kila wiki, jumla 240,000, angepata nusu ya akiba yake kama faida. Aliyeweka tano kila wiki, jumla 1,200,000, angepata sehemu ya kumi tu. Mwaka unaofuata huyo wa pili angeweka hisa moja kama wenzake, na kusingekuwa na pesa ya kukopesha mtu yeyote. Hilo lilieleweka bila mjadala mrefu.

Mjadala mrefu ulikuja kwa jambo ambalo nililiona mimi nikipitia vitabu. Kulikuwa na wanachama wawili wenye hisa 100 kila mmoja. Mama wa kwanza alinunua hisa tano kila wiki katika mikutano 13 ya mwanzo, kisha moja moja mpaka mwisho. Kijana wa pili alifanya kinyume: moja moja kwa wiki 35, halafu tano tano katika wiki 13 za mwisho, alipovuna kahawa. Kwa utaratibu wetu wote wawili walipata ziada ileile ya 96,500. Lakini ni pesa ya nani iliyokopeshwa tangu Februari? Ni ya mama. Pesa nyingi ya kijana ilifika wakati mikopo inakaribia kufungwa.

Kuna njia ya kupima hilo. Badala ya kuhesabu hisa, unahesabu wiki ambazo kila hisa imefanya kazi. Hisa iliyonunuliwa mkutano wa kwanza ina wiki 47 mbele yake. Ya mkutano wa 48 haina hata moja. Nilijumlisha kwa wale wawili: mama alikuwa na wiki 3,260 za hisa, kijana 1,440. Kwa kikundi kizima wiki za hisa zilikuwa kama elfu 70, na ziada halisi iliyoingia ilikuwa 2,840,000, kwa hiyo kila wiki ya hisa ilizaa shilingi 40 hivi. Kwa kipimo hicho mama angepata karibu 130,000 na kijana chini ya 60,000. Tofauti si ndogo. Ni ada ya mtoto mmoja katika shule ya kijijini.

Nilikuwa na hakika kwamba njia yangu ni ya haki zaidi, na bado naamini hivyo. Lakini mweka hazina, mama mtu mzima ambaye hakumaliza shule ya msingi, alinijibu kwa upole mbele ya watu: “Mwanangu, mihuri naweza kuihesabu mwenyewe. Hizo wiki zako atanihesabia nani ukirudi chuoni?” Nilikosa jibu. Mihuri ni uhasibu ambao mtu asiyesoma anaweza kuukagua kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Ukileta wiki za hisa, hesabu inahamia kwa mtu mmoja mwenye simu au kompyuta, na wengine 24 hawana budi kumwamini. Katika vikundi vya namna hii, wizi mwingi ninaousikia huanzia hapo.

Tukapata njia ya katikati. Kikundi huacha kutoa mikopo mwishoni mwa Oktoba ili madeni yote yarudi kabla ya mgao, kwa hiyo hisa zinazonunuliwa baada ya hapo hazikopeshwi kwa mtu yeyote. Zinalala sandukuni na kuamka na faida ambayo hazikuifanyia kazi. Wanachama walikubaliana kwamba kuanzia mwaka huu, katika mikutano minane ya mwisho kila mtu atanunua hisa moja tu. Hilo haliondoi tofauti yote kati ya mama na kijana, lakini linaziba sehemu iliyo mbaya zaidi, na kila mtu anaweza kulisimamia kwa macho.

Kodi iliingia mlangoni na mwalimu wa sekondari ambaye pia ni mwanachama. Alikuwa na hisa 200. Alipokea 1,193,000, akaogopa kuziweka benki. Aliamini kwamba mamlaka ya mapato ikiziona itamtoza asilimia 30 ya zote, yaani karibu 358,000. Hofu yake inatokana na jinsi mgao unavyotolewa: unapewa fungu moja la noti, na hakuna karatasi inayosema kipi ni nini.

Lakini milioni moja katika zile ilikuwa yake tangu mwanzo. Aliitoa katika mshahara ambao mwajiri alikwisha kuukata kodi. Kurudishiwa akiba yako si pato. Kinachoweza kuitwa pato ni ziada peke yake, 965 mara 200, yaani 193,000. Kwa viwango vya kodi ya mtu binafsi vilivyowekwa Uganda mwaka 2012, mshahara unaozidi 410,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 30 kwa kile kilichozidi, na mshahara wake umevuka hapo. Basi hata akihesabu ziada yote kama pato, kodi inayohusika ni 57,900. Mama yangu naye alikuwa na hisa 120 na ziada ya 115,800. Viwango hivyohivyo vinaanza kutoza pato linalozidi 2,820,000 kwa mwaka, na pato lake lote, pamoja na hiyo ziada, halifiki huko. Sanduku ni moja na mgao ni mmoja, ila kila mwanachama ana jibu lake, kwa sababu kinachopimwa ni mwaka mzima wa mtu, si siku ya mgao.

Jambo moja lilimshangaza mwalimu. Yeye mwenyewe alikopa 600,000 kwa miezi mitatu, akalipa riba ya 90,000. Akauliza kama anaweza kuitoa hiyo 90,000 katika ile 193,000. Jibu linategemea alichofanya na mkopo. Sheria ya kodi ya mapato huruhusu riba kuhesabiwa kama gharama pale deni lilipotumika kuzalisha pato. Yeye alinunua vifaranga na chakula chake, kwa hiyo riba ile ni gharama ya biashara ya kuku, na kama itaondolewa, ni katika faida ya kuku. Angelipa karo ya mtoto, isingeondolewa popote. Ndiyo maana nilimshauri karani aongeze safu moja katika daftari la mikopo: kusudi la mkopo, neno moja au mawili tu. Pia mwalimu alizoea kwamba mtu mwenye mshahara wa mwajiri mmoja tu halazimiki kupeleka ritani. Akishakuwa na kuku na ziada, hali hiyo hubadilika.

Baadhi ya wanachama walisema sisi tumesamehewa kodi, kwa kuwa walisikia redioni kwamba vyama vya ushirika vya akiba na mikopo havitozwi. Ni kweli kwamba sheria ya 2017 iliviondolea vyama hivyo kodi ya mapato hadi Juni 2027. Lakini hivyo ni vyama vilivyosajiliwa kama ushirika. Sanduku chini ya mwembe ni kikundi cha kusaidiana, jina jingine kabisa katika sheria ya mwaka 2016 ya taasisi ndogo za fedha. Nguvu yetu inatoka kwingine, katika hoja ya zamani ya nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, kwamba watu wakichangishana na kurudishiana wao kwa wao hawajapata faida, kama vile mtu hawezi kujitajirisha kwa kuhamisha shilingi kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Hoja hiyo inakisaidia kikundi kwa riba inayolipwa na wanachama. Haiwezi kuvuka mlango. Mtu wa nje akilipa riba, pesa imetoka katika mfuko usio wetu.

Na benki ni mtu wa nje. Vikundi vinavyoweka pesa benki hupata riba kidogo ambayo benki hukata asilimia 15 ya kodi kabla ya kuiingiza. Tuseme riba ni 20,000: taarifa ya akaunti itaonyesha 3,000 zimekatwa, na kilichoingia ni 17,000. Karani akiandika 20,000, siku ya mgao atatafuta 3,000 na hatazipata, kisha macho yataanza kumwangalia mweka hazina. Mwanachama anapomlipa kikundi riba, kwa upande mwingine, hana haja ya kukata chochote. Sheria ya Uganda haimtaki mtu binafsi azuie kodi katika riba anayolipa.

Ilitokea kwamba wakati huohuo mfanyabiashara wa mpakani alikuja kuomba kikundi kimkopeshe 1,000,000 mwanzoni mwa mwaka mpya. Hakuwa mwanachama. Alikuwa tayari kulipa asilimia 10 kwa mwezi, mara mbili ya sisi. Kwa miezi mitatu tu hiyo ni 300,000, na mezani macho yaling'aa. Mimi nilisema ninachokijua: riba ile ingekuwa pato la kikundi bila ubishi, tungehitaji kuiweka katika safu yake na kuitolea kodi, na zaidi ya kodi, anayekopesha watu wa nje kama biashara, kwa sheria ya 2016, anatakiwa awe na leseni ya mkopeshaji kutoka mamlaka inayodhibiti mikopo midogo. Halafu mzee wa chumvi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo, akauliza swali lililomaliza kikao: huyo bwana asipolipa, ana hisa ngapi humu za kufidia?

Mfanyabiashara alielezwa hivyohivyo. Januari alirudi, akanunua hisa tano za wiki ya kwanza, na akapewa kitabu.